Sifa bila Kujisifu: Uhakiki wa Wasifu wa Mtumishi wa Umma mbele ya Jopo la Upandishaji Vyeo, kwa Mfano wa Afisa Kilimo wa Chunyu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki utanzu ambao wahakiki wa Kiswahili hawajaushughulikia sana: maelezo mafupi ambayo mtumishi wa umma huandika juu yake mwenyewe ili yasomwe na jopo linaloamua nani apandishwe cheo. Hoja ya msingi ni kwamba unyenyekevu unaotafutwa na waandishi kwa kuficha nafsi ya kwanza hauzuii majigambo, bali mara nyingi huyakuza, kwa kuwa humwezesha mtumishi kujitwalia mafanikio ya taasisi bila kutaja alichokifanya. Data ni matini mbili zilizoundwa na mwandishi wa makala, zikimhusu afisa kilimo wa kata anayehudumia wakulima wa korosho huko Chunyu, katika ukanda wa Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi. Uchambuzi unaegemea viambishi nafsi, kauli za kitenzi, na namna takwimu za korosho zinavyopatikana.

1.0 Utangulizi

Neno “sifa” lina mtego. Tangazo la kazi serikalini huorodhesha “sifa za mwombaji”, na hapo hakuna anayefikiri kwamba mwombaji anatakiwa asifiwe. Sifa hizo ni elimu, uzoefu na umri, yaani mambo yanayoweza kuthibitishwa kwa cheti au barua. Lakini neno hilohilo ndilo tunalolitumia tunaposema mtu anapenda sifa, na hapo tunamlaumu. Mzizi wa Kiarabu uliotuletea “sifa” na “wasifu” una maana ya kueleza jinsi kitu kilivyo. Kiswahili kimeibeba maana hiyo, kikaongeza ile ya kutukuza, na kuziacha zote mbili zikae katika neno moja. Mtumishi anayeambiwa aandike wasifu wake anaombwa atoe sifa kwa maana ya kwanza pasipo kuangukia ya pili, na lugha haimpi maneno mawili ya kuzitenganisha. Itambidi azitenganishe kwa sarufi na kwa uteuzi wa mambo ya kusema.

Katika utumishi wa umma wa Tanzania, wasifu si hati inayoamua kila kitu. Upandaji wa kawaida kutoka daraja moja hadi jingine hufuata muundo wa utumishi wa kada husika, matokeo ya tathmini ya utendaji, na nafasi zilizomo katika ikama na bajeti. Tathmini hiyo iliendeshwa kwa miaka mingi, tangu 2004, kwa fomu za Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, unaojulikana kwa kifupi cha MWAMTUKA, na siku hizi hufanyika katika mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Wasifu hupata uzito pale nafasi ya usimamizi inaposhindaniwa na watu wenye madaraja yanayokaribiana, na jopo likawa na majina kadhaa, muda mfupi, na wajumbe ambao hawajawahi kufika kata ya mwombaji. Hapo fomu zote hufanana, alama hukaribiana, na ukurasa mmoja wa nathari ndio unaobaki kumtofautisha mtu na mwenzake.

Ukurasa huo unastahili kusomwa kama tunavyosoma matini nyingine yoyote. Wasifu halisi wa watumishi ni mali ya majalada yao, na si haki kuuanika hapa. Kwa hiyo matini zinazochambuliwa katika sehemu ya nne nimeziunda mwenyewe. Mtumishi aliyemo ni wa kubuni na tarakimu za kata yake ni za mfano. Mazingira ya kazi yake, yaani salfa, ghala, mnada na chama cha msingi, ni yale yanayojulikana na kila anayeishi na mikorosho ya kusini.

2.0 Wasifu usioandikwa na mwingine

Wanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba wasifu ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwingine, na tawasifu ni maisha ya mtu yaliyoandikwa naye mwenyewe. Shaaban Robert alituachia kielelezo cha kila upande: Wasifu wa Siti Binti Saad kwa upande mmoja, Maisha Yangu kwa upande wa pili. Inafaa kukumbuka kwamba mwandishi huyo alikuwa mtumishi wa serikali, karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944 kabla ya kuhamishiwa idara nyingine. Mmoja wa waasisi wa tawasifu ya Kiswahili kwa hati za Kirumi alikuwa mtu wa ofisi, aliyeyajua majalada, uhamisho na kungoja uamuzi wa wakubwa.

Hati inayofika mbele ya jopo huvuruga mpaka huo. Huitwa wasifu, lakini mwandishi wake ni mhusika mwenyewe. Aghalabu huandikwa katika nafsi ya tatu, “Ndugu fulani ni mtumishi mwenye uzoefu wa miaka kumi na mbili”, kana kwamba mtu mwingine amekaa pembeni akimtazama. Wajumbe wote wanajua nani ameiandika. Msimulizi wa nje aliyewekwa hapo hana kazi ya kisimulizi, kwani hajui lolote asilolijua mhusika wala haoni kasoro asiyoiona mhusika. Kazi yake pekee ni kumwezesha mwandishi kutamka vivumishi ambavyo angeona haya kuvitamka kwa “mimi”. Hakuna anayeandika “mimi ni hodari na mwadilifu” bila kusita, ilhali “ni hodari na mwadilifu” hupita bila taabu. Kwa hiyo nafsi ya tatu, inayodhaniwa kuwa vazi la unyenyekevu, kwa kweli ni kibali cha kujisifu.

Upande wa fasihi simulizi tunao utanzu unaojisifu waziwazi. Mulokozi, katika uainishaji wake wa tanzu uliochapishwa 1989, aliyaweka majigambo ndani ya maghani, akiyatambua kuwa ni tungo ambazo mtunzi hujinadi kwa matendo yake mwenyewe. Ni rahisi kusema kwamba wasifu wa kikazi ni majigambo yaliyovaa suti. Nadhani ulinganisho huo unawaonea wenye majigambo. Mtu anayejigamba mbele ya watu wake yu mbele ya hadhira inayomjua. Wamo waliokuwapo alipotenda, au wanaowajua waliokuwapo, na akizidisha chumvi mno atachekwa papo hapo. Tena hutumia “mimi” na kutaja tendo: nilikwenda mahali fulani, nikafanya jambo fulani. Wasifu wa ofisini hupoteza vyote viwili. Hadhira yake haikuwapo, na tendo lake limefichwa ndani ya vivumishi.

Kuna njia ya tatu ya kuepa tatizo, nayo ni kuacha kusimulia kabisa. Kurasa za wabunge katika tovuti ya Bunge hufuata njia hiyo: shule, miaka, vyeo, kamati, yote katika jedwali. Jedwali halina kitenzi, na pasipo kitenzi hakuna majigambo. Lakini pia hakuna tendo. Jedwali humweleza msomaji mtu alikalia kiti gani, na kwa jopo linalotaka kujua alikifanyia nini kiti hicho halitoshi.

3.0 Nafsi, kauli na mtendaji

Kiswahili kina zana nyingi za kupima kiasi cha utendaji wa mtu katika jambo, kuliko wanavyokiri wanaolalamika kwamba huwezi kueleza kazi yako bila kujikweza. Nitazitazama tatu tu, zile zinazoleta matata zaidi katika hati hizi.

Ya kwanza ni tofauti kati ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. “Anasifika kwa ubunifu” na “alisifiwa kwa ubunifu” huonekana kama ndugu wa karibu, ila zinamtendea msomaji mambo tofauti kabisa. Kauli ya kutendwa ina nafasi ya mtendaji: alisifiwa na nani? Hata mwandishi asipomtaja, sarufi imemwachia msomaji mlango wa kuuliza. Kauli ya kutendeka imeufunga mlango huo. Hatusemi “anasifika na mkurugenzi” kwa maana ya kusifiwa naye. Sifa imekuwa hali ya mhusika, kama kung’aa kwa jua, haina aliyeitoa wala siku ilipotolewa. Ndiyo maana “anasifika”, “anaheshimika”, “anaaminika” hujaa katika wasifu usio na barua hata moja ya pongezi. Aliye na barua huandika kwamba alipongezwa na Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri kwa barua ya tarehe fulani, na kumbukumbu namba yake huifuatisha. Sentensi hii ya pili ni ndefu zaidi na ina sifa ya wazi zaidi, lakini haina harufu ya kujisifu, kwa kuwa mwenye kusifu ametajwa naye si mwandishi.

Ya pili ni vitenzi vya kusababisha. “Kufanikisha” na “kuhakikisha” ndivyo vitenzi vipendwavyo mno katika hati za kiofisi. Kauli ya kutendesha humpa kiima uwezo wa kusababisha: aliyefanikisha mauzo ndiye sababu ya mauzo kufanikiwa. Mtu mmoja katika kata hawezi kuwa sababu hiyo, kwani mauzo yana chama cha msingi, chama kikuu, mwenye ghala, mnunuzi na benki. “Kuhakikisha” ni mbaya zaidi kwa jinsi kisivyopimika. Aliyehakikisha pembejeo zinafika alifanya nini hasa? Alipiga simu, alipanda pikipiki akazifuata, alilala ghalani, au alitia sahihi hati ya mapokezi? Kila kimojawapo ni kazi ya kweli na kina kitenzi chake. “Kuhakikisha” kimevimeza vyote.

Ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote, ni kiambishi tu-. Wengi huikimbilia kama kimbilio la adabu: badala ya “niliongeza makusanyo” mtu huandika “tuliongeza makusanyo”. Kiambishi hiki hakisemi ni akina nani waliomo. Chaweza kuwa mimi na nyinyi, mimi na wao, ofisi nzima, au mimi peke yangu niliyejivika wingi. Msomaji wa jopo hubaki na mambo mawili yasiyopatana. Ikiwa “tu-” ni ofisi nzima, basi hajaambiwa lolote kuhusu mwombaji. Ikiwa ni mwombaji, basi ameambiwa kwamba mwombaji ndiye ofisi nzima. Hivyo kiambishi cha adabu huweza kubeba dai kubwa kuliko “ni-”. Dawa yake imo ndani ya lugha yenyewe, katika muundo tunaoutumia kila siku bila kufikiri: “mimi na watendaji wa vijiji tulihesabu miti”. Wenzake wametajwa kwa vyeo vyao, mipaka ya “tu-” imejulikana, na jopo likitaka kuuliza linajua pa kwenda.

4.0 Afisa kilimo na mikorosho ya Chunyu

Tuchukue afisa kilimo wa kata aliyefanya kazi Chunyu tangu Julai 2016 hadi Juni 2021, ambaye sasa anawania kuongoza sehemu ya mazao katika halmashauri. Matini ya kwanza ndiyo ambayo angeandika akifuata desturi:

“Ndugu Mwombaji ni mtumishi mwadilifu na mchapakazi, mwenye weledi wa hali ya juu, anayesifika kwa ubunifu. Katika kipindi chake uzalishaji wa korosho uliongezeka zaidi ya maradufu, kutoka tani 310 hadi tani 640. Alihakikisha wakulima wote wanapata salfa kwa wakati na kufanikisha mauzo kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani. Mafanikio haya yametokana na ushirikiano mzuri, naye kwa unyenyekevu mkubwa anayaona kuwa ni ya wote.”

Sentensi ya mwisho inakusudia kulainisha zilizotangulia. Lakini neno “unyenyekevu” halimnyenyekeshi anayejipa. Ni kivumishi kingine katika orodha iliyoanzia na “mwadilifu”. Tuliache, tuende kwenye tarakimu, maana hapo ndipo mjumbe mwenye ujuzi wa zao atakaposimama.

Tani 310 na 640 zimetoka wapi? Katika ukanda huu korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika kwa zao hilo 2007. Mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi, nazo hupelekwa ghala kuu na kuuzwa kwa mnada chini ya chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI. Tarakimu ya kata basi ni kile kilichopimwa katika mizani ya vyama vya msingi. Si kile kilichodondoka chini ya miti. Kati ya mti na mizani yupo kangomba, mnunuzi wa pembeni anayechukua korosho shambani kwa kipimo chake na kwa bei ya shida, mara nyingi kabla ya msimu kufunguliwa. Kangomba akibanwa mwaka fulani, tani za ghalani huongezeka bila mti mmoja kuzaa zaidi. Vilevile mkulima wa kata jirani aweza kuleta mzigo hapa kwa sababu chama chake kinachelewesha malipo. “Uzalishaji uliongezeka” ni dai kuhusu miti. Ushahidi uliopo ni kuhusu mizani. Mwandishi mwangalifu angesema “tani zilizopita ghalani”, na kwa maneno hayo matatu tu mjumbe angejua kwamba anasoma hati ya mtu anayeijua kazi yake.

Kisha miti yenyewe. Mkorosho uliopandwa leo huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa mavuno ya maana, kwa hiyo sehemu ya ongezeko la 2017 ni jasho la waliopanda kabla afisa huyu hajaripoti kazini. Sehemu nyingine ni hali ya hewa wakati wa maua.

Halafu “wakulima wote”. Salfa ya unga hupuliziwa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa unaoshambulia machipukizi na maua na kuyakausha kabla hayajafunga korosho. Kazi huanza karibu na Mei au Juni na hurudiwa kwa mizunguko. Kwa kipimo kinachotumika sana cha robo kilo kwa mti kwa mzunguko, mfuko wa kilo 25 hutosha miti 100 kwa mzunguko mmoja. Miti 4,000 kwa mizunguko minne yahitaji mifuko 160. Mjumbe yeyote aweza kuifanya hesabu hii pembeni mwa karatasi. Akijua kwamba kata ina makumi ya maelfu ya miti, na mgao wa msimu ulikuwa mifuko mia chache, “wote” litageuka kuwa neno la kumvunjia mwombaji heshima, hata kama alifanya kazi kwa bidii. Na salfa iliyofika baada ya maua kukauka ni vumbi tu. “Kwa wakati” ndilo neno lililopaswa kubeba ushahidi, lakini limepewa nusu ya sentensi.

Sasa matini ya pili, ya mtumishi yuleyule:

“Kuanzia Julai 2016 hadi Juni 2021 nilikuwa afisa kilimo wa kata. Tani za korosho zilizopita ghalani zilikuwa 310 msimu wa 2015/16, zikafika 640 msimu wa 2017/18, na kushuka hadi 455 msimu wa 2018/19. Kupanda huko kulitokana kwa sehemu kubwa na miti iliyopandwa kabla yangu na kupungua kwa ununuzi wa kangomba. Kazi niliyoianzisha mimi ni daftari la miti. Mimi na watendaji wa vijiji tulihesabu mikorosho ya kila mkulima na kubandika orodha katika mbao za matangazo, ili mgao wa salfa ufuate idadi ya miti. Katika kijiji tulichoanzia, wakulima 131 kati ya 212 walioorodheshwa walipata salfa kabla ya maua msimu wa kwanza wa daftari. Msimu wa tatu walikuwa 188. Waliobaki 24 ni wenye mashamba ya mbali, na sikupata njia ya kuwafikia kwa wakati. Daftari lipo ofisini na linatumiwa na aliyenifuata.”

Nafsi ya kwanza imerudi, tena mara kadhaa, na bado hati hii haijigambi. Sababu ni kwamba kila “ni-” imefungwa kwenye kitenzi kinachoweza kuulizwa: nilikuwa, niliyoianzisha, sikupata. Kitenzi cha mwisho ni cha ukanushi, nacho kina faida ya pekee. Anayeandika “wakulima wote” anamwomba msomaji amwamini. Anayeandika kwamba 24 hawakufikiwa amemwonyesha msomaji kwamba aliwahesabu, maana huwezi kujua waliokosa kama hukuwa na orodha ya wote. Kwa hiyo ungamo la upungufu ndilo ushahidi mkubwa wa ufanisi katika hati nzima.

Tazama pia jinsi mafanikio ya taasisi yalivyowekwa. Tani hazikuachwa, kwani jopo linataka kujua mtu alitumika mahali pa aina gani. Ila zimetajwa kwanza, kama mandhari, na zimepewa sababu zake nje ya mwombaji. Baada ya hapo ndipo linapoingia jambo dogo lililo lake. Desturi hufanya kinyume, kwani huanza na mtu na kumwekea tani begani. Na sentensi ya mwisho haina “mimi” kabisa. Daftari limekuwa kiima, mwenye kulitumia ni mwingine. Hakuna dai kubwa zaidi katika hati kuliko hilo la kuacha kitu kinachoendelea kufanya kazi baada ya mwanzilishi kuondoka, na limesemwa kama habari ya rafu ya vitabu.

Yapo yanayoweza kupingwa katika matini hii. Ni ndefu kuliko ya kwanza, na fomu nyingine huweka kikomo cha maneno. Ikibidi kukata, ningekata tani kabla ya kukata wale 24. Tena, kauli kwamba kangomba alipungua yahitaji msingi wake, kwa mfano kumbukumbu za ukamataji au maelezo ya chama cha msingi. Bila hivyo ni kisio lililovaa sura ya sababu.

5.0 Msimu ulioharibika na swali la adabu

Matini ya kwanza iliishia kwenye tani 640, yaani msimu wa 2017/18. Haikuwa bahati. Msimu huo nchi nzima ilivuna zaidi ya tani 310,000, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa kabla yake, na kila afisa wa kusini aliyeandika wasifu baadaye angependa kusimama hapo. Uliofuata ulishuka hadi takribani tani 225,000, na ulikuwa pia msimu wa mgogoro wa bei, ambapo Novemba 2018 Rais Magufuli aliagiza serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lisimamie usombaji. Afisa wa kata hakuwa na mkono katika kupanda kwa nchi nzima, wala katika kushuka kwake. Anayejitwalia 2017/18 atalazimika ama kuubeba 2018/19 ama kuuficha, na kuuficha huonekana upesi: hati yenye miaka mitano ya kazi na miwili ya tarakimu. Katika matini ya pili, msimu mbaya unaonekana pamoja na tani zake, na bado ndio msimu ambao wakulima 188 walipata salfa kabla ya maua. Mistari miwili imekwenda pande mbili tofauti. Kutofautiana huko ndiko kunakomtenga mtumishi na bahati ya zao.

Historia ya Nachingwea ina somo la jirani kuhusu kuchagua kipimo. Mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza 1947, ambao ulipelekwa pia Kongwa na Urambo, ulipangwa kwa kuhesabu ekari za kufyeka, zaidi ya milioni tatu kwa jumla, na kwa muda taarifa za maendeleo zilihesabu matrekta na ekari. Karanga ndizo hazikuonekana, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa baada ya kugharimu takribani pauni milioni 36. Ekari iliyofyekwa ni kazi iliyofanyika kweli. Tatizo lilikuwa kuihesabu kana kwamba ni zao. Wasifu unaotaja mikutano iliyoendeshwa na mafunzo yaliyotolewa, pasipo kusema nini kilibadilika shambani, unahesabu ekari.

Pingamizi la mwisho linatoka katika utamaduni. Wapo watakaosema kwamba “niliyoianzisha mimi” hukwaruza sikio la Mswahili, na kwamba adabu yetu inataka mtu aseme kwa mbali, asubiri wengine wamtaje. Methali ya chema chajiuza hutajwa hapa. Naikubali nusu ya hoja. Kiswahili cha hadhara kweli hukwepa “mimi” isipokuwa panapo haja, na mwandishi anayeirudia katika kila sentensi atachosha. Lakini chema hujiuza sokoni, ambako mnunuzi anakiona na kukishika. Daftari la miti la Chunyu halionekani Dodoma. Mtumishi wa kata ya mbali asipolitaja halitajwi, na mwenzake aliyekaa karibu na ofisi kuu hana haja hata ya kuandika, kwa sababu wajumbe wanamjua kwa sura. Adabu inayomtaka aliye mbali anyamaze humlinda aliye karibu.

Isitoshe, sidhani kwamba adabu ya Kiswahili ilikuwa kuficha mtendaji. Katika salamu, katika shukrani za harusini na msibani, tunachotakiwa kufanya ni kumpa kila mtu haki yake kwa kumtaja: waliopika, waliochanga, waliobeba. Kusema “ilifanyika” tu, mbele ya waliofanya, ndiko kunakoonekana kuwa ni kukosa shukrani. Matini ya pili inawataja watendaji wa vijiji kwa kazi yao, na inamtaja aliyerithi ofisi. Ya kwanza inasema mafanikio ni “ya wote” na haimtaji hata mmoja. Kama jopo lingemwita mtendaji wa kijiji na kumsomea hati zote mbili, ni katika ya pili tu ambamo angejisikia akiitwa.